Mstari wa 15: Je, Yafaa Kujaza Palipo Wazi?

Wengi wenu mmekwisha kusikia kwamba hapa Mugeta tumekuwa tukiyanakili madaftari ya zamani ya ubatizo kwenye kompyuta. Wengine mmetuona mezani pale nyuma ya kanisa tukiitazama picha kwenye simu, kisha kompyuta, kisha picha tena, mmetucheka kidogo na kwenda zenu. Leo hatutaki kuwaeleza jinsi kazi inavyoendelea, kwa maana hayo wazee wa kanisa wameyasikia katika Halmashauri. Twataka kuwauliza swali lililotusumbua kwa miezi kadhaa. Mtu akinakili maandishi ya mwenzake, naye akakuta neno lisilosomeka, lakini anadhani analijua, je, anaruhusiwa kuliandika?

Swali hili laonekana dogo. Hata sisi tuliliona dogo mpaka lilipoingia katika shamba la watu.

Kwanza tuwaeleze daftari lenyewe. Si daftari la kiwandani lenye vichwa vilivyochapwa. Ni daftari nene la kawaida, ambalo katekista wa zamani alilipiga mistari kwa rula kwa mkono wake mwenyewe, kabla Dayosisi ya Mara haijazaliwa mwaka 1985. Kila ukurasa una safu saba: namba, tarehe ya ubatizo, jina la mtoto, tarehe ya kuzaliwa, jina la baba, jina la mama, na mwisho safu nyembamba ya sahihi ya aliyebatiza. Kalamu yake ilikuwa ya kuchovya wino. Mahali pengine wino ni mzito, mahali pengine amekamua tone la mwisho kabla ya kuchovya tena, na herufi zimebaki kama nyayo za kuku juu ya vumbi. Mchwa wamekula pembe ya chini ya kurasa nyingi.

Tulikubaliana kwamba daftari lenyewe lisishikwe kila siku, kwa sababu karatasi inakatika kwenye mkunjo. Basi kijana mmoja wa kwaya alilipiga picha kwa simu, ukurasa mmoja picha moja, karibu na dirisha la upande wa kushoto, bila kuwasha taa ya simu kwa kuwa hiyo huleta doa jeupe katikati ya ukurasa. Kila picha ikapewa namba yake, P001, P002, na kuendelea, hata kurasa tupu, ili asije mtu kesho akasema kuna ukurasa umeruka. Kisha tukagawana. Mmoja alisoma kwa sauti, mmoja akapiga chapa, na mmoja alikuwa wa kukagua.

Jedwali la kompyuta tulilipanga kwa safu zile zile saba za katekista, tukaongeza nyingine tatu zisizomo daftarini. Mwanzoni tukaweka namba ya picha na namba ya mstari, ili neno lolote liweze kurudishwa mahali lilipotoka kwa muda wa kupepesa jicho. Mwishoni tukaweka safu tuliyoiita Kukagua. Tukakubaliana alama tatu tu, maana alama nyingi hakuna azikumbukaye. Neno tunalolisoma kwa shaka tunaliandika na kulifuatishia `[?]`. Lisilosomeka kabisa tunaweka `[...]`. Na pale ambapo katekista mwenyewe hakuandika kitu tunaandika `[tupu]`. Hii ya tatu yafaa kuangaliwa sana. Kisanduku kisicho na kitu kwenye jedwali hakisemi kama daftari lilikuwa wazi, au kama mpiga chapa aliitwa chai akasahau kurudi.

Wiki mbili za kwanza tuliharibu kazi kwa uoga. Tuliweka `[?]` karibu kila mstari. Neno likiwa na mkia kidogo, `[?]`. Jina tusilolizoea, `[?]`. Mkaguzi wetu alipofungua jedwali akakuta ukurasa mzima una alama kama shamba la mtama lililovamiwa na kwelea, alifanya kile ambacho mtu yeyote angefanya: aliacha kuzitazama. Alama ikiwa kila mahali haimwonyeshi mtu mahali popote. Wala si unyenyekevu, ingawa sisi tulijidanganya kwamba ni unyenyekevu. Ilikuwa ni kumtupia mwenzetu mzigo wa kusoma ambao tulipewa sisi.

Tukaweka sharti moja. Hakuna ruhusa ya kuweka `[?]` mpaka mwenye kuiweka aandike kwenye safu ya Kukagua usomaji wa pili unaowezekana. Kama unashuka, sema unashuku nini: ni 1961 au 1967? Ni Gati au Gori? Ukishindwa kutaja neno la pili ambalo maandishi yale yangeweza kuwa, basi huna shaka, una wasiwasi tu, na wasiwasi hauandikwi. Sharti hili lilipunguza alama mno, na kila iliyobaki ikawa na maana.

Tuwape mfano mmoja ulioturidhisha. Katika picha fulani kuna kundi la watoto waliobatizwa siku moja, tarehe 2 Aprili, mwaka mia tisa na sitini na kitu. Tarakimu ya mwisho ni fimbo yenye kikofia juu. Katekista huyu aliandika moja yake kwa kikofia, na saba yake kwa kikofia vilevile, ila saba mara nyingine aliikata katikati na mara nyingine hakuikata. Tukaandika `1961[?]` na kwenye Kukagua, "au 1967".

Mmoja wetu akasema jambo ni rahisi, tuangalie siku ya juma, kwani ubatizo ulikuwa Jumapili. Tukahesabu. Tarehe 2 Aprili 1961 ilikuwa Jumapili. Tukahesabu ya 1967, nayo ilikuwa Jumapili! Ndipo tulipotambua kwamba miaka hiyo miwili kalenda yake ni moja, siku kwa siku, toka Januari mpaka Desemba, kwa kuwa kati yake uko mwaka mrefu mmoja tu, yaani 1964. Miaka sita na siku moja ya ziada hufanya siku saba, na juma linarudi mahali pake. Kwa hiyo siku ya juma, ambayo husaidia sana katika kutenganisha 1961 na 1964, haiwezi kutenganisha 1961 na 1967 hata kidogo. Kama tungepima kwa 1961 peke yake tungefurahi, tungeiondoa alama, na tungekuwa hatujathibitisha kitu.

Kilichotuokoa kilikuwa pembezoni. Kando ya kundi lile, kwa herufi ndogo, katekista ameandika Pasaka. Na sikukuu ya Pasaka haikai mahali pamoja. Mwaka 1961 ilikuwa tarehe 2 Aprili yenyewe. Mwaka 1967 ilikuwa tarehe 26 Machi, juma moja kabla. Basi ni 1961. Tuliondoa alama, lakini safu ya Kukagua hatukuifuta. Tuliandika humo sababu yetu, ili ajaye baada yetu aione na kuipinga akitaka.

Sasa tuje kwenye mstari wa 15.

Katika picha P023, mstari wa 14 na wa 15 ni watoto wawili waliobatizwa siku moja, tarehe 11 Agosti 1963. Majina tunayoyatumia hapa tumeyabadilisha. Mstari wa 14 baba ni Wambura na mama ni Boke. Mstari wa 15, kwenye safu ya baba, kuna vile vistari viwili vidogo ambavyo sote tunavijua, maana yake "kama hapo juu". Na kwenye safu ya mama, mnaona pia vistari viwili. Hivyo ndivyo vilivyoonekana kwenye picha, vyeusi kabisa. Tukaandika mama ni Boke, bila alama yoyote, kwa maana hakuna aliyekuwa na shaka. Tukaendelea na mstari wa 16.

Ilipita miezi. Akaja mama mmoja, mtu mzima mwenye wajukuu, anataka barua ya kuonyesha ubatizo wake. Mnajua kwamba ofisi za RITA hupokea cheti cha ubatizo miongoni mwa vielelezo vya mtu mzima anayeomba cheti cha kuzaliwa, na wengi siku hizi wanakuja kwa sababu hiyo. Alikuwa ndiye mtoto wa mstari wa 15. Barua iliandikwa kutoka kwenye jedwali letu, ikapigwa mhuri. Yeye hakuisoma vizuri, macho yake si mazuri, akaikunja akaenda nayo.

Kumbe mzee Wambura alikuwa na nyumba mbili. Boke alikuwa wa nyumba kubwa. Mama wa huyu dada alikuwa wa nyumba ndogo, na alifariki zamani. Baraza la ukoo lilikuwa linagawa mashamba ya mzee kwa nyumba, kama ilivyo desturi kwetu, na katika kugawa huko mtu mmoja aliona ile barua na kuisoma kwa sauti: mama yake ni Boke, basi yeye ni wa nyumba kubwa, tena yule wa mstari wa 14 ni ndugu yake wa tumbo moja, na nyumba ndogo haina mtu aliyebaki. Karatasi yenye mhuri wa kanisa imesema hivyo. Hatutaki kueleza zaidi yaliyosemwa siku ile.

Dada yule alikuja kwetu mwenyewe, amechoka, hakufoka. Aliuliza tu, "Walimu, ni nani aliyewaambia mimi ni mtoto wa Boke?" Hatukuwa na jibu. Tulikwenda kwenye picha, tukamwonyesha vile vistari viwili. Akasema yeye hajui mambo ya vistari, anamjua mama yake.

Ndipo tulipoomba daftari lenyewe litolewe kabatini, jambo ambalo tungelifanya mapema. Tulifungua ukurasa ule kwenye mwanga wa mlangoni. Vistari vya safu ya baba vilikuwa wino kweli, vimekaa juu ya karatasi, vimeinama kuelekea kulia kama mkono wa katekista unavyoinama siku zote. Vistari vya safu ya mama vilikuwa na rangi ya kahawia hafifu, kama chai iliyomwagika, navyo vimeinama kuelekea kushoto. Tukaugeuza ukurasa. Upande wa nyuma, mahali pale pale, katekista ameandika tarehe yenye 11, kwa wino mzito, nao umepenya karatasi. Safu ya mama ni ya pili kutoka ukingo wa kulia, na safu ya tarehe ni ya pili kutoka ukingo wa kushoto. Ukiligeuza jani, zinaangukiana. Tulichokisoma kuwa "kama hapo juu" kilikuwa tarehe ya watoto wengine, inayoonekana kinyumenyume kama mtu anayejitazama kwenye kioo.

Lakini kwa nini kwenye picha vilikuwa vyeusi sawasawa? Yule kijana, kwa nia njema kabisa, alipiga kurasa zile kwa programu ya simu inayosafisha picha za hati. Programu hiyo huifanya karatasi kuwa nyeupe kabisa na wino kuwa mweusi kabisa, na hapendi mtu kijivu. Kila kilicho hafifu hana budi kukitupa upande mmoja: ama ni karatasi, kinafutwa, ama ni wino, kinakolezwa. Kivuli cha 11 kilihukumiwa kuwa wino. Picha ilikuwa safi na ya kupendeza, na usafi ule ndio uliotuficha jambo tulilohitaji kuona. Sasa tunapiga picha za rangi za kawaida, bila kusafisha, hata kama zinaonekana chafu. Na penye vistari vya "kama hapo juu" tunafungua pia picha ya upande wa nyuma kabla ya kuamini.

Sasa basi, mstari wa 15 safu ya mama una nini? Una `[tupu]`. Katekista hakuandika jina la mama. Huenda alisahau, huenda mama hakuwapo siku ile, daftari halisemi.

Hapa ndipo mabishano yetu yalipoanza, na hatukugombana kidogo. Mmoja wetu, mtu wa huruma, alisema: "Tumemkosea huyu dada, na sasa tunataka kumkosea mara ya pili. Sote twamjua mama yake. Wazee watatu wamekuja wamesema. Andikeni jina la mama yake hapo, mmalize. Mnaipenda karatasi kuliko mtu?" Hoja hii ni nzito. Hatukuweza kuilala. Kwa kweli haki ya mtu haipaswi kukaa njaa ili jedwali letu lishibe usafi.

Lakini tulipoipima tuliona kwamba kosa la kwanza na dawa hii ya pili ni ndugu wa baba mmoja. Tulimwita mtoto wa Boke kwa sababu tulidhani daftari linasema hivyo, nalo halikusema. Sasa tunaombwa tumwandike mtoto wa mama yake, jambo ambalo ni kweli, lakini tulitie katika kinywa cha daftari ambalo halikulisema. Safu ile juu yake imeandikwa Jina la Mama, lakini anayenakili anajibu swali jingine, nalo ni hili: katekista aliandika nini hapa mwaka 1963? Kwa swali hilo, jina la kweli la mama ni jibu la uongo. Na tukijiruhusu kujaza pale tunapojua, kesho tutajaza pale tunapodhani tunajua. Tukumbuke kwamba pale kwenye Boke hatukuwa na shaka hata chembe.

Tena kuna jambo la ushahidi. Neno la wazee watatu lina nguvu yake lenyewe. Wana majina, wana umri, waweza kuulizwa, waweza kuapa. Tukilitia ndani ya safu ya katekista, tunawanyang'anya ushahidi wao na kumpa marehemu ambaye hakuutoa. Siku mtu mwingine wa ukoo akija kupinga na kutaka kuona daftari, atakuta pako wazi, na hapo hata lile la kweli litaonekana limeghushiwa. Mwenye haki atakuwa ameponzwa na wanaompenda.

Tulichofanya ni hiki. Safu ya Mama ikabaki `[tupu]`. Kwenye Kukagua tukaandika tuliyoyaona kwenye karatasi, na kando yake, kwa maneno yanayojitambulisha, tuliyoambiwa, na tarehe tuliyoambiwa. Majina ya wazee wale tuliyaandika katika daftari la ofisi, si kwenye jedwali linaloonwa na wengi. Mstari wenyewe, kwa ufupi, sasa unasomeka hivi:

```
P023 | 15 | 1963-08-11 | Baba: [kama juu: Wambura] | Mama: [tupu]
Kukagua: alama kwenye safu ya Mama ni wino wa upande wa nyuma (P024, tarehe 11). Daftari limeonwa.
```

Kasisi akaandika barua ya kuifuta ile ya kwanza, akisema wazi kwamba kosa lilikuwa la nakala yetu na kwamba daftari halina jina la mama. Wazee wakashauriwa waende kuapa kiapo kwa jina lao, mbele ya mwenye mamlaka ya kuapisha. Njia hii ilimgharimu dada yule nauli ya kwenda Bunda mara mbili, na sisi tulichanga. Ndugu yetu wa huruma hakuridhika hata hapo. Alisema kujaza neno moja kungekuwa bure. Bado twampenda, na bado anafanya kazi nasi, tena ndiye mkali wetu kwa wino unaopenya.

Kuna jambo jingine tulilojifunza kutokana na mstari huo, nalo si la kufurahisha. Kosa letu halikuwa na alama. Utaratibu wetu wote ulikuwa wa kukagua yenye alama, na hilo ndilo ambalo lisingepatikana kamwe, kwa kuwa mtu huweka alama pale anapojua kwamba hajui. Kwa hiyo sasa, baada ya kumaliza yenye alama, tunachukua pia kila mstari wa 10 usio na alama yoyote na kuulinganisha na daftari lenyewe, si picha. Ukurasa ukionyesha kosa hata moja, unasomwa wote upya na mtu ambaye hakuupiga chapa.

Kwa njia hiyo tuliligundua lile la majina kujimalizia. Programu ya Excel ina tabia ya kumsaidia mtu: ukianza kuandika Nya katika safu ambayo juu yake kuna jina moja tu linaloanza hivyo, tuseme Nyamhanga, yenyewe inajaza herufi zilizobaki. Mpiga chapa akibonyeza kitufe cha kushuka chini bila kutazama, mtoto wa Nyangeta anageuka kuwa mtoto wa Nyamhanga, na jina limekaa vizuri, halina kosa la herufi hata moja. Hakuna jicho litakalolishuku. Tulipoligundua tulizima msaada huo, katika sehemu ya mipangilio, palipoandikwa `Enable AutoComplete for cell values`. Pia tuliigeuza safu ya tarehe iwe ya maandishi matupu, `Text`, kabla ya kuandika chochote, kwani kompyuta ikiona 3/4/61 hujiamulia yenyewe kama 3 ni siku au ni mwezi, wala haimwulizi mtu.

Na kwa wale watakaopenda kujaribu kazi kama hii katika mitaa yao, hadhari moja ndogo. Ukitaka kuhesabu alama zilizobaki, usitafute `[?]` hivi hivi. Katika Excel alama ya kuuliza, ndani ya utafutaji, maana yake ni "herufi yoyote moja", basi utaletewa na vitu usivyovitaka. Itangulize na kiwimbi, hivi:

```
=COUNTIF(G2:G400,"*[~?]*")
```

Majina nayo yana kishawishi chake. Katekista aliandika Boke na Gati; watu wale wale leo wanajiandika Bhoke na Ghati. Wajukuu wanatuomba turekebishe. Tunaacha alivyoandika, na tumeweka safu nyingine ya kutafutia, yenye tahajia ya leo, ili mtu alipate jina la bibi yake bila sisi kulibadilisha. Mmoja wetu pia alitaka kuitumia maana ya majina kuamulia miezi isiyosomeka, kwamba Wambura lazima amezaliwa wakati wa mvua. Tulimkumbusha kwamba mtoto hurithi jina la babu yake, na babu ndiye aliyenyeshewa.

Mpaka tunapoandika haya, daftari la kwanza limekwisha kupigwa chapa na la pili liko katikati. Katika la kwanza bado kuna mistari yenye `[?]` ambayo tumeiangalia kwenye karatasi yenyewe, kwa mwanga wa mlangoni, na kwa kioo cha kukuzia, na bado hatujui. Tumeiacha hivyo. Kama katika nyumba yako kuna cheti cha zamani cha ubatizo, hata kilichochanika, kilichoandikwa na katekista siku zile, twaomba utuletee tukione Jumapili baada ya ibada. Tutakilinganisha mbele yako na kukurudishia saa ile ile. Yule dada wa mstari wa 15 alituletea cha kaka yake.